"Mambo" niliyoifuta saa tano usiku

Namba yake mdada mmoja wa jimu aliichapa mwenyewe kwenye simu yangu, mikono bado ina chaki ya kushikia chuma, kioo kikabaki na alama nyeupe za vidole ambazo nakiri sikuzifuta mpaka nafika nyumbani. Ilikuwa jumanne jioni, jimu. Tulikuwa tumeongea kama dakika kumi hivi na yeye ndo alianza, alinisogelea akasema kaka samahani, ukichuchumaa na chuma visigino vyako vinapanda ndo maana unalalia mbele, akaleta vyuma viwili vidogo vya kilo 2.5 akavilaza chini, weka visigino hapo ujaribu. Nikajaribu, nikashuka mpaka chini kabisa mgongo umetulia. Akanieleza shida ni kifundo cha mguu hakikunji vya kutosha, kuna zoezi unasimama karibu na ukuta unasukuma goti mpaka liuguse huku kisigino hakinyanyuki. Muda wa kuondoka nikamwomba namba, akanipa, hakusita.

Kosa la kwanza nililifanya palepale wala sikuliona: sikumbip. Namba yake ninayo, yangu yeye hana.

Usiku nikakaa na simu. Rafiki yangu mmoja ana sheria yake kwamba usiandike mpaka siku tatu zipite, usije ukaonekana una shida, na mimi nilikuwa naiamini sana hiyo sheria, ila ilipofika saa nne na nusu nikaanza kujidanganya kwamba salamu tu haina ubaya. Saa tano kasoro dakika chache nikatuma "Mambo". Neno moja. Tiki moja.

Nikasubiri tiki ya pili haiji, kumbe mwenzangu kazima data kalala zake kama binadamu wa kawaida. Nikaanza kuisoma ile "Mambo" upya na kila nikiisoma inazidi kuwa mbaya, nikajiambia afadhali niifute kwa wote kabla hajaiona. Nikaifuta. Sasa mtu aliyewahi kufuta meseji anajua kwamba haiondoki yote, kinabaki kile kiandishi kwamba ujumbe umefutwa. Kwa hiyo badala ya kuamka akute salamu mbovu, ataamka akute namba ngeni imemtumia kitu usiku halafu imekificha. Nililala vibaya.

Asubuhi nikamsimulia dada yangu, nilijua atanicheka na kweli alicheka, ila alivyomaliza kucheka akaniuliza swali ambalo mimi sikuwa nimejiuliza kabisa. "We mdogo wangu, hiyo meseji yeye anaionaje kwenye simu yake?" Nikasema anaiona meseji yangu. Akasema hapana, anaona namba ngeni. Jina hana, picha huenda asiione kama umeiachia watu uliowasevu tu, na chini WhatsApp inamuuliza aiblock au aisevu. Hapo ndo "Mambo" yako inasomewa. Wewe unaisoma na zile dakika kumi za jana kichwani, yeye anaisoma na kitufe cha kublock pembeni.

Halafu akaniuliza huyo dada jimu anakuja siku gani. Nikasema nimemwona jumanne na alhamisi. Akaniangalia tu. Ikabidi nihesabu mwenyewe: nikisubiri siku tatu za rafiki yangu, alhamisi tutakuwa tumeshakutana kwenye vyuma, mimi nina namba yake siku ya pili sijaandika kitu, yeye anajua ninayo. Nitamwambiaje? Hiyo sheria labda inafaa kwa mtu ambaye hutamwona tena bila kupanga, mtu wa jimu anakuja na ratiba yake, kwa hiyo mwisho wa kuandika ulikuwa jumatano.

(Na hapa niseme, bahati yangu yeye alikuwa anafanya mazoezi tu kama mimi. Miaka ya nyuma niliwahi kupewa namba na mhudumu wa duka la viatu, alinipa ili anijulishe saizi yangu ikiingia, mimi nikamwandikia usiku "umelala?" Akajibu kesho yake saa tatu asubuhi: "Saizi 43 bado kaka." Mpaka leo nikikumbuka nasikia joto masikioni. Ile namba ilikuwa ya kazi, na jibu lilikuwa la kazi.)

Basi jumatano mchana nikaanza kuandika. Rasimu ya kwanza ilikuwa ndefu, nimemshukuru mara tatu na nimeweka "nimefurahi sana kukufahamu", dada akasema hii ni barua ya kuomba kazi. Ya pili ilikuwa "Habari, ni mimi wa jimu", akauliza jimu kuna wanaume wangapi. Akanishauri niandike kitu ambacho mtu mwingine yeyote mle ndani hawezi kukiandika, halafu swali moja ambalo anaweza kulijibu akiwa kwenye foleni. Moja. Sio "unafanya kazi gani, unaishi na nani, wikiendi uko wapi".

Nikachukua vitabu viwili nikaviweka chini ya visigino pale sebuleni nikachuchumaa, ili nisije nikaandika uongo, na saa saba na robo nikatuma hivi:

"Habari. Ni yule wa jana jioni ambaye visigino vinapanda. Nimejaribu nyumbani na vitabu viwili, nimeshuka mpaka chini kweli. Lile zoezi la ukutani nifanye kila siku au siku za miguu tu? Na ile iliyofutwa usiku ilikuwa yangu, niliandika mambo nikaona haitoshi."

Ile sentensi ya mwisho dada hakuitaka, alisema achana nayo usijishtaki. Mimi nikaiacha maana kile kiandishi cha kufutwa kipo juu yake palepale, hata nisipokitaja anakiona.

Tiki mbili. Bluu baada ya dakika kama ishirini. Halafu kimya, saa ya kwanza, ya pili, nikaanza kuandika nyongeza, "au uko bize?", nikaifuta kabla sijatuma, nikaipeleka simu chumbani nikaifunika na mto, mtu mzima mimi. Najua nini kingetokea ningetuma ile nyongeza, angefungua akute namba moja imemwandikia mara tatu ndani ya siku moja na yeye bado hajajibu hata neno.

Jibu liliingia saa kumi na moja kasoro. "Hahaha nilidhani ni tapeli, nilikuwa nakublock asubuhi nikaghairi. Fanya kila siku, dakika mbili kila mguu. Na acha vitabu vitateleza uvunjike." Chini yake ya pili ikaja: "Alhamisi upo?"

Nikamjibu nipo. Sikuongeza kitu, na kutoongeza kulinigharimu.

Alhamisi nimefika yeye yuko anapasha mwili moto, akanipungia mkono, akaniita nisogee akanionyesha simu yake. Kwenye zile sentensi zote nilizozipima na dada nusu siku nzima, jina langu sikuandika popote. Na jumanne hakuniuliza wala sikumwambia. Alikuwa amenisevu "Visigino", na aliniambia sasa hivi hata nikimtajia jina habadilishi.