Siku moja maishani mwangu: mimi ndiye ninayekagua kamisheni

Saa 2 asubuhi niko mezani, Dar es Salaam. Shangazi anaamini nauza nguo mtandaoni. Kumbe kazi yangu ni kukagua washirika wanaoliletea duka letu wateja kupitia linki zao. Tunawalipa asilimia 8 ya kila mauzo, na hakuna anayelipwa kabla sijapitia ripoti yake.

Hadi saa 4 nimeshaondoa oda zilizorudishwa. Mshirika mmoja ana oda 60 za lipa ukipokea, na 41 zilikataliwa mlangoni, karibu zote zikiwa za namba tatu za simu. Wateja hewa. Nafuta, nakunywa chai.

Kisha nafungua ripoti ya mshirika mwingine, tovuti inayotangaza kuponi za punguzo, na hapo siku inaharibika. Mwezi uliopita imeleta oda 400, mauzo ya shilingi milioni 20, kwa hiyo inadai 1,600,000. Oda ni za kweli, wateja wamelipa. Ila kati ya kila watu 100 waliobofya linki yake, 25 walinunua, wakati kwa washirika wenye blogu hununua wawili tu. Naweka saa ya kubofya kando ya saa ya kununua: oda 340 zimelipiwa ndani ya dakika mbili. Nani anachagua viatu kwa dakika mbili? Naangalia kikapu, na zote 340 zilikuwa na bidhaa kabla ya mteja kubofya. Yaani mtu alikuwa ameshafika malipo, akaona kisanduku cha kuponi, akaenda kutafuta punguzo, akarudi kupitia linki yao. Mfumo wetu unampa kamisheni mshirika ambaye linki yake imebofywa mwisho. Tumempa mteja punguzo la asilimia 10, kisha tukamlipa mtu aliyemkuta mlangoni. Wateja wapya ni 22 tu.

Simu yao inaingia saa 7, sijala.

"Dada yangu, sisi ndio tunaowaletea watu!"

"Kaka, walikuwa wameshafika."

"Bila kuponi wangeondoka."

Tunavutana karibu saa nzima, anarudia yaleyale kwa sauti kubwa zaidi. Kinachoniudhi ni kwamba huenda ana hoja, kwani wengine kweli wangeacha kikapu. Ripoti yangu haiwezi kusema ni wangapi. Na mkataba tuliousaini wenyewe haukukataza. Kamisheni ya mwezi huo atalipwa yote.

Sijui ilikuwa saa ngapi bosi alipokubali jaribio: wiki mbili, nusu ya wateja wasione kisanduku cha kuponi wanapolipa, nusu waone, tulinganishe mauzo na faida za pande zote mbili. Kuandika maelezo ya mafundi kumenimalizia jioni.

Nafika nyumbani macho yananiwasha. Mdogo wangu ananingoja sebuleni na simu mkononi.

"Dada, duka lenu halina kuponi? Kikapu nimeshakijaza."