Vijiji 140, zahanati 12, na Excel tupu

Niliambiwa bila programu ya ramani kazi hii haiwezekani. Aliyeniambia alikuwa tayari kunitafutia mtu wa kuifanya, kwa laki kadhaa hivi. Nilichotakiwa kujua ni hiki tu: katika vijiji 140 vya mkoa wa Dodoma, kila kimoja kiko karibu na zahanati ipi kati ya 12. Nikasema nitajaribu mwenyewe.

Jaribio la kwanza lilinitia aibu. Nilianza kwa kupima umbali kati ya miji miwili ninayoijua, kwa latitudo na longitudo zake: Dar es Salaam (-6.8, 39.28) na Dodoma (-6.17, 35.74). Jibu likaja zaidi ya kilomita 16,000! Kwa hesabu hiyo basi la Dodoma lingekuwa njiani hadi leo. Nilihangaika jioni nzima nikihesabu mabano, kumbe mabano hayakuwa na kosa. Excel hupiga SIN na COS kwa radiani, nami nilikuwa naipa nyuzi. Nilipoweka RADIANS, zikatoka kilomita 397. Kwa barabara ni kama 450, na ndivyo inavyopaswa kuwa, kwa kuwa fomula inapima mstari mnyoofu wa angani. Mlima na mto haivijui.

Fomula niliyoanza nayo ilikuwa ya ACOS. Iacheni. Pointi mbili zikiwa mahali pamoja, mviringisho wa desimali unaweza kuvusha namba juu ya 1 kidogo tu, ukaletewa #NUM!. Hii ya ASIN haijanisumbua:

```
=2*6371*ASIN(SQRT(SIN(RADIANS($B4-E$1)/2)^2+COS(RADIANS($B4))*COS(RADIANS(E$1))*SIN(RADIANS($C4-E$2)/2)^2))
```

6371 ni nusu kipenyo cha dunia kwa kilomita. Vijiji vimeshuka kuanzia mstari wa 4, latitudo safu B, longitudo safu C. Zahanati nimezilaza juu kuanzia safu E: latitudo mstari wa 1, longitudo wa 2, jina wa 3. Utamu wote uko kwenye zile alama za dola. $B4 imefunga safu, E$1 imefunga mstari, kwa hiyo unaandika mara moja kwenye E4, unaburuta kulia hadi P, kisha chini. Majibu 1,680 kabla chai haijapoa. Jina la zahanati ya karibu nililipata hivi:

```
=INDEX($E$3:$P$3,MATCH(MIN($E4:$P4),$E4:$P4,0))
```

Nilianza kujisifu mapema. Nilipopanga vijiji kwa umbali wa zahanati yake ya karibu, kimoja kikaibuka juu kabisa: kilomita 1,300 na ushee. Aliyeingiza data alisahau alama ya kutoa kwenye latitudo, kijiji kikavuka ikweta kikahamia Ethiopia. Tangu hapo, kabla ya fomula yoyote, napitisha =MAX(B4:B143). Huku kwetu kusini ya ikweta, ikitoka namba chanya, kuna kijiji kimetoroka.