Nani amekutuma?

Maneno mawili ya mhasibu yamekataa kunitoka kichwani. "Nani amekutuma?" Nimeyasikia nikiosha vyombo, nimeyasikia nikisimamia mtihani wa majaribio wa kidato cha nne, na Jumamosi nimeyasikia tukiwa tumekaa mkekani kupokea mahari ya mdogo wangu, ambayo imepokelewa yote na wazee wameridhika.

Mnajua nilikuwa nakaimu ukuu wa idara tangu mwenzetu aende likizo ya uzazi. Alirudi mwisho wa Julai, nikamkabidhi mafaili na funguo, nikarudi kwenye vipindi vyangu. Kwa kukaimu nilikuwa nalipwa posho ya shilingi 150,000 kwa mwezi juu ya mshahara wangu wa 850,000. Naandika namba zangu waziwazi kwa sababu hesabu ndiyo kiini cha habari hii, na humu wengi mmeajiriwa.

Mshahara wa Agosti ulipoingia, meseji ya benki ilisoma 797,000. Hiyo ndiyo pesa ya mtu anayekaimu, baada ya makato. Mimi nilitegemea 695,750.

Kabla sijamwendea mtu yeyote nilipita benki kuomba taarifa ya akaunti, maana nilitaka kujua kosa ni la nani. Yule dada wa kaunta alinionyesha mstari wenyewe: muamala mmoja, umetoka akaunti ya shule, na maelezo yake ni ya mshahara. Akaniambia kama benki ndiyo ingekosea, kwa mfano kuingiza faili la mishahara mara mbili au kuniwekea pesa ya mteja mwingine, ningemwandikia meneja wa tawi na kuiacha pesa ilale hapohapo mpaka waitoe wenyewe. Lakini benki hii ilipokea maelekezo ya mwajiri na kuyatekeleza kama yalivyo. "Hapa sisi hatuna cha kurudisha, mwalimu. Rudi kwa mwajiri wako." Nikamshukuru, nikaenda na karatasi yangu.

Mhasibu alikuwa anakula maandazi. Nikamwamkia, nikamwekea taarifa ya akaunti mezani, nikamwambia, "Kaka, mwezi wa nane mmenilipa posho ya kukaimu, na mimi sikaimu tena. Naomba turekebishe."

Hakuiangalia karatasi. Aliniangalia mimi, kisha akaangalia mlango, kisha akaniuliza, "Nani amekutuma?"

Nikajibu, "Hakuna aliyenituma."

Basi. Hilo tu ndilo lililotoka. Majibu yote mengine yamekuja baadaye, usiku, yakiwa yamepangika vizuri. Kwamba nimetumwa na meseji ya benki. Kwamba mtoto aliyelelewa na Bibi, ambaye alikuwa ananirudisha dukani na chenji iliyozidi hata mvua ikinyesha, hahitaji kutumwa. Ningeweza kumuuliza pia, kwa upole kabisa, ni nani kwa kawaida huwatuma watu ofisini kwake kurudisha pesa. Kinachoniuma si ukali wa sauti, maana hakuwa mkali. Kinachoniuma ni kwamba aliniona nimekuja kwa hila. Nimefanya kazi pale tangu madarasa ya upande wa bustani hayajapauliwa, na jambo la kwanza lililomjia ni kwamba nimetegeshwa.

Kisha akasema, "Haya, nitumie laki na nusu kwenye namba yangu, nitaimaliza." Akaanza kuitaja.

Hapo mshangao ukageuka hasira. Kwanza, pesa iliyotoka akaunti ya shule inarudi akaunti ya shule. Nikiituma kwenye simu ya mtu binafsi, vitabu vya shule bado vitasema mwalimu huyu alilipwa zidio Agosti, na siku mkaguzi akiuliza, mwenye deni ni mimi. Pili, na hili ndilo lililonifanya nisimame, laki na nusu sikuipokea mimi. Tofauti ya 797,000 na 695,750 ni 101,250. Ile 48,750 iliyobaki haikugusa mkono wangu.

Nikamwambia nitaleta barua. Nikatoka.

Barua niliiandika jioni ileile, ukurasa mmoja. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Nikataja kiasi kilichoingia, kiasi nilichostahili, tarehe niliyokabidhi ofisi ya idara, na kwamba zidio bado liko kwenye akaunti halijaguswa. Nikaomba mambo mawili: nipewe kwa maandishi hesabu ya kiasi ninachotakiwa kurudisha na akaunti ya kukirudishia, na nipewe slipu ya Agosti iliyosahihishwa. Nikaambatisha nakala ya taarifa ya benki. Asubuhi niliipeleka masjala, nakala yangu ikagongwa muhuri wa kupokelewa na tarehe. Huo muhuri usiuache. Ukisema kwa mdomo tu, miezi sita baadaye unaweza kuonekana mtu aliyekalia pesa ya watu kimya.

Na tusidanganyane kwamba pesa ikishaingia kwako ni bahati yako. Kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinamzuia mwajiri kumtaka mfanyakazi arudishe ujira wake, isipokuwa ule uliozidi kwa kosa la kukokotoa. Hii yangu imo kwenye hilo "isipokuwa". Kifungu hichohicho kinataka makato ya deni yakubaliwe na mfanyakazi kwa maandishi, kwa hiyo pande zote mbili zina kamba ya kushika.

Barua ilimfikia karani wa mishahara, yule kijana mpya anayekaa dirishani, na hapo wiki yangu ikabadilika sura. Aliniita saa ya chai akiwa ameshachapa hesabu. Akaniambia, "Mwalimu, uko sahihi, ila hebu tuangalie njia tatu."

Njia ya mhasibu ilikuwa mimi kurudisha 150,000 nzima. Tukaichambua. Katika ile posho, shilingi 15,000 zilikatwa kwenda NSSF, asilimia 10. Iliyobaki, 135,000, ikakatwa kodi ya PAYE asilimia 25, kwa sababu kwa mshahara wangu posho yote iliangukia kwenye ngazi ya kati ya 760,000 na 1,000,000. Hiyo ni 33,750. Jumlisha na 15,000 ndipo unapata ile 48,750. Ningelipa laki na nusu, ningekuwa nairudishia shule kodi na michango kutoka mfukoni mwangu.

Njia ya pili ndiyo ambayo ofisi nyingi hutumia kwa sababu ni nyepesi: kuweka posho hasi ya 150,000 kwenye mshahara wa Septemba, mfumo ujikatie wenyewe. Nilikuwa tayari kuikubali, nilidhani inaleta jibu lilelile. Kijana akaniendeshea kikokotoo mbele yangu. Septemba mshahara ghafi ungekuwa 700,000. Ukitoa NSSF inabaki 630,000, ambayo imeshuka hadi ngazi ya asilimia 20, na kodi yake ni 42,000. Mkononi ningepata 588,000, yaani pungufu ya 107,750. Zidio lilikatwa kodi kwa asilimia 25 lilipoingia, lakini wakati wa kutoka karibu lote lingerudishiwa kwa asilimia 20. Shilingi 6,500 zingepotelea njiani, bila mtu kuiba, bila mtu kukosea tena. Mtu ambaye mshahara wake unabaki ndani ya ngazi ileile, posho ikiongezwa au ikitolewa, hatauona mwanya huu. Mimi, NSSF ikishatolewa, niko juu kidogo tu ya mpaka, ndiyo maana uliniangukia.

Njia ya tatu ni kuifungua Agosti yenyewe na kuikokotoa upya kama ilivyotakiwa kuwa. Hiyo iliwezekana kwa sababu moja: barua ilifika kabla ya tarehe 7. PAYE ya mwezi huwasilishwa TRA kufikia tarehe 7 ya mwezi unaofuata, na yetu ilikuwa bado haijapelekwa, wala michango ya NSSF. Kwa hiyo wakaitengeneza upya, shule ikabaki na ile 48,750 ambayo ilikuwa haijaondoka, na mimi nikadaiwa 101,250 kamili. Ritani ingekuwa imeshakwenda, ingebidi waombe kuirekebisha, na hapo ndipo watu husema "tutakata mwezi ujao" ili yaishe.

Nilituma pesa kwenye akaunti ya shule kutoka akaunti yangu, kwenye maelezo nikaandika marejesho ya posho ya Agosti, nikapeleka risiti, nikapewa stakabadhi ya shule na slipu mpya. Nimevikunja pamoja na nakala ya barua, viko kwenye faili la mkataba. Naomba niseme wazi kwamba yule kijana alinifurahisha mno. Hakunitazama kama mtego. Alitazama namba, akazipenda, akataka zikae sawa, na 6,500 yangu aliihangaikia kama ni yake. Nimemwambia mkuu wa shule hivyo, ana kwa ana, ili jina lake liingie kwenye kumbukumbu kwa jambo jema.

Mhasibu tumepishana koridoni tangu siku ile. Ananisalimia, "Mwalimu, habari za kazi," namjibu nzuri. Hajasema lolote kuhusu barua. Sijui kama anajua kwamba lile swali limebaki kwangu, na nimeshaamua sitamuuliza kwa nini alitazama mlango. Labda kuna aliyewahi kutumwa kweli. Labda alikuwa anaogopa kosa lake lisifike juu. Yote hayo nimeyawaza kwa nia ya kumwelewa, na bado linauma.

Mengine ya wiki: Bibi amerudi kijijini na jicho lake linaona vizuri, na ratiba mpya imeniongezea vipindi vya Ijumaa mchana. Kitindamimba wangu ameanza tena kukohoa usiku, na safari hii hana mafua wala homa, ni kikohozi kikavu tu kinachomwamsha alfajiri. Kesho nampeleka kituo cha afya kabla ya kipindi cha kwanza, kama nitapata wa kunishikia Kidato cha Pili B.