Tulivyosahihisha ujirani mwema bila kupendelea wala kuonea

Mwaka jana shule sita za Chamwino na Bahi zilinipa niratibu usahihishaji wa Kiswahili kidato cha nne, mtihani wa ujirani mwema. Karatasi zilikuwa 412, walimu wanane, chumba kimoja chenye madirisha yasiyofunga, na upepo wa Julai wa Dodoma. Kila rundo tuliliwekea jiwe juu.

Tulisahihisha kwa mkupuo wa maswali: kila mwalimu ana swali lake, karatasi inazunguka. Kwa majibu mafupi hakuna shida. Shida ni insha yenye alama 15. Asubuhi ya kwanza nilitoa nakala tano za insha zilezile kwa wote, kila mmoja akasahihisha bila kumwangalia mwenzake. Insha moja ilipata 6 kwa mwalimu mmoja na 14 kwa mwingine. Mwongozo ulisema utangulizi 1½, hoja sita kwa alama 2 kila moja, hitimisho 1½, basi. Mtoto yule alikuwa ametaja hoja zote sita bila kueleza hata moja. Kuna aliyeona ametaja, apewe. Kuna aliyeona hajaeleza, apunguziwe. Tulibishana mpaka chai ikapoa, tukakubaliana: kutaja ½, kueleza 1, mfano ½. Yule wa kutaja tu akabaki na 6. Hapo ndipo nikaruhusu bahasha zifunguliwe.

Kila karatasi ya kumi ya insha ilisahihishwa mara ya pili na mwalimu mwingine. Jambo hili nilishalikosea mwaka uliotangulia. Msahihishaji wa pili alikuwa anaona vema nyekundu za wa kwanza, na karatasi 20 kati ya 20 zikalingana hadi nusu alama. Nilifurahi sana. Baadaye nikashtuka, maana watu wawili hawawezi kulingana hivyo kwenye insha. Wa pili alikuwa anaidhinisha tu. Safari hii msahihishaji wa insha hakuweka alama yoyote kwenye karatasi yenyewe. Aliandika kwenye fomu ya pembeni, nami nikaifungia kwenye droo.

Tuliruhusu tofauti ya alama 2. Ikizidi hapo, insha inakwenda kwa mtu wa tatu. Kuna aliyependekeza tuchukue wastani, nikakataa. Mmoja akitoa 5 na mwingine 11, huenda mmoja wao hakugeuza ukurasa, na ukiandika 8 hutajua kamwe.

Kati ya sampuli 41, sita zilipitiliza, na zote sita wa kwanza ndiye aliyetoa zaidi. Nilipozipanga kwa namba za bahasha, zote zilitoka ya nane na ya tisa, zile za jioni ya siku ya pili. Mwalimu mwenyewe alicheka: “Mratibu, saa ile nilikuwa naona vichwa vya hoja tu.” Mwenzetu mmoja alitaka tupunguze alama 3 kwa wote waliosahihishwa na mwalimu yule, tumalize kazi. Lakini wa asubuhi walikuwa wamepewa haki yao, ukiwakata, unawaonea. Tulirudia bahasha hizo mbili tu, karatasi 80, kwa kusoma upya.

Alama 3 zinaonekana chache mpaka ufike kwenye mipaka ya gredi. Tulitumia ile ya kitaifa: A kuanzia 75, B 65, C 45, D 30, chini ya hapo F. Mwenye 42 akiongezewa 3 kimakosa, ni C. Kwa hiyo baada ya kujumlisha tuliangalia tena waliokuwa karibu na kila mpaka, pande zote mbili. Walimu hupenda kuangalia wa 28 na 29 tu, wakisema tunawasaidia watoto. Ukifanya hivyo kosa linarekebishwa kwa kupanda tu, na gredi zote zinavimba. Tulichukua 28 hadi 31, 43 hadi 46, na kadhalika huko juu. Watano walipanda, wengi wao kwa sababu jibu liliendelezwa ukurasa wa mwisho na halikujumlishwa. Watatu walishuka.

Mkuu mmoja wa shule aliponiona na orodha aliniita pembeni. “Mwalimu, D ianze 25, wazazi wasije juu.” Nilimkumbusha matokeo ya kidato cha nne ya 2012, yalivyofutwa na kupangwa upya 2013, na maneno yaliyofuata. Halafu nikamwambia, mpaka huu tumeuazima. Novemba mtoto wa 25 atapewa F, na wewe ulishamwambia amefaulu. Akanyamaza kidogo, akauliza kama wale watatu walioshuka kuna wa kwake.

Alikuwepo mmoja, kutoka 45 hadi 43. Nilimpa mkuu karatasi ya mtoto huyo aisome mwenyewe kabla hatujabandika matokeo.