Jumamosi tisa

Juzi Rehema alikuja kunisaidia kuchambua mchicha, ila mchicha ulikuwa kisingizio. Fungu la kwanza halijaisha akaniuliza, macho yameinamia sinia: "Shangazi, mtu akikwambia 'tutapanga' anamaanisha nini?"

Nikamjibu anamaanisha tutapanga. Kisha nikanyamaza, maana neno lile lilikuwa limeshanirudisha Segerea, kwenye kile chumba cha uani, Novemba 2019, umeme umekatika na mimi nimekaa kitandani na simu, kalamu na risiti ya dukani.

Wale mnaonijua tangu enzi zile mnamkumbuka yule wa Mbezi. Wengine nisiwachoshe. Tulikutana kwenye harusi, tukapeana namba, tukaanza kuchati, na kwa miezi mitano sikuwahi kuamka wala kulala bila kutazama kama ameandika. Alikuwa na maneno mazuri, sitamdhulumu. Alikumbuka jina la bosi wangu. Nikiumwa jino, kesho yake anauliza la upande gani. Ila katika miezi mitano hiyo hatukuwahi kuonana hata mara moja, na kutoka Mbezi hadi Segerea si safari ya kwenda Mwanza. Ni daladala, na nauli wakati ule ilikuwa haifiki elfu.

Mama Zai ndiye aliyesema, tena bila kuacha kufua: "Unapigwa kalenda." Nikamkatalia. Mtu anayekupiga kalenda, nikamwambia, anakuwa baridi, anachelewa kujibu, anajibu "poa". Huyu anajibu kwa aya nzima.

Kwa hiyo nikaamua kumpa kitu kisichoweza kujibiwa kwa utamu peke yake. Niliandika: "Jumamosi tarehe 16, saa kumi jioni, Koko, kwenye mihogo. Nalipa mimi." Siku, saa, mahali, na hela nikaitoa njiani, maana nilijua inawezekana kabisa kijana wa watu hana kitu mfukoni na anaona aibu kusema. Akajibu papo hapo: "Weee! Umenifanya nianze kuhesabu siku." Nikafurahi mpaka nikapiga pasi gauni siku mbili kabla. Sikuona kwamba hakuwa amesema ndiyo.

Jumamosi saa tisa akaandika: "Mpenzi, leo imekuwa ngumu, ila nitakufidia. Tutapanga."

Hapo bado hakuna ushahidi. Dharura humpata kila mtu. Kilichonifanya nitafute kalamu ni kwamba baada ya "tutapanga" hakukufuata kitu. Hakusema kesho, wala wiki ijayo, wala "nikitoka zamu nitakwambia". Nami nikanyamaza. Jumapili kimya, Jumatatu kimya, Jumanne kimya. Jumatano, saa nne na ushei usiku, simu ikalia: "Umenitupa siku hizi. Nimekumiss."

Moyo uliruka, siwezi kudanganya. Ndipo umeme ukakatika, na sijui kwa nini, badala ya kumjibu nikafungua mazungumzo yetu, nikaenda kwenye sehemu ya kutafuta, nikaandika neno moja: Jumamosi.

Wasapu ya simu ile haikunipa jumla. Inakurusha kwenye ujumbe mmoja, na neno linang'aa, kisha unabonyeza mshale kwenda wa nyuma yake. Nikawa nabonyeza na kuchora mistari nyuma ya ile risiti. Jumamosi tisa. Saba zilikuwa zangu: Jumamosi una nafasi, Jumamosi ya mwisho wa mwezi je, Jumamosi nitakuwa Kariakoo ukipenda. Mbili zilikuwa zake. Moja ilisema "Jumamosi njema mrembo." Ya pili ilisema Jumamosi kuna mechi.

Nikatafuta "saa". Hapo zilikuja nyingi, nikapata matumaini, mpaka nilipozisoma. "Saa hizi uko wapi?" "Saa hizi nakuwaza." Saa yenye namba mbele yake, kutoka kwake, sikuipata. Nikatafuta "umekula". Niliacha kuchora ilipofika arobaini na moja.

Halafu nikaona kitu ambacho mtu haoni anaposoma ujumbe mmoja mmoja. Nilipopandisha juu nikitazama tarehe tu, bila kusoma maneno, nikakuta zile aya ndefu tamu zote zimekaa mahali pamoja: mwisho wa kimya changu. Nikiwa karibu, anapungua. Nikinyamaza siku tatu nne, anakuja na mvua. Bibi yangu alikuwa akitaka kuku wa mgeni anarusha punje za mahindi kidogo kidogo, hadi kuku anaingia jikoni mwenyewe. Lakini bibi alikuwa na kisu na sufuria. Huyu alikuwa akirusha punje, kuku akifika mlangoni anafunga mlango.

Nikamwandikia maneno mawili: "Siku gani?"

Tiki zikawa za bluu. Akaanza kuandika. Akaacha. Akaanza tena, muda mrefu, nikawaza sasa inakuja. Ikaja stika ya mtoto anacheka.

Basi. Yaliyofuata si ya kusimulia: sikumjibu, akarusha punje nyingine mbili tatu mwezi ule, kila sikukuu ya Idi akawa anakumbuka kuwa nilimtupa, hadi nikabadilisha laini. Mama Zai hadi leo anasema alikuwa na mke. Mimi sijui. Labda kweli hakuwa na hela na ile "nalipa mimi" ndiyo ilimchoma zaidi.

Ila kuna jambo sijawahi kuliandika hapa. Usiku uleule, chaji imebaki kidogo, nilitafuta "Jumamosi" kwenye mazungumzo mengine. Ya yule fundi friji wa Buguruni. Alikuwa mtu wa kuandika mistari mikavu: "Jumamosi nina kazi mpaka saa nane. Saa tisa nakuja Segerea, tukutane stendi. Ukishindwa, Jumapili baada ya ibada." Na chini yake mimi, kwa mkono wangu: "Hahaa, una haraka wewe! Tutapanga." Mara nne. Nikiulizwa kwa nini, nitasema sikutaka kumuumiza. Ni kweli. Ni kweli pia kwamba nilipenda kujua yupo. Sikuwa nimepanga kumzuga. Kila ujumbe, nilipouandika, niliona ni wema tu.

Kwa hiyo Rehema aliponiuliza, nilifuta mikono nikamwambia alete simu. Nilitegemea kukuta mtu wa Mbezi. Nikakuta kijana ameandika: "Jumamosi nipo zamu. Jumapili labda, nikitoka mapema." Sawa, nikasema, huyu ametaja siku nyingine bila kuombwa. Nikashuka chini. Jumapili imepita, hakutoka mapema. Akaomba radhi. Akataja Alhamisi. Alhamisi imepita.

"Kwa hiyo?" akauliza Rehema.

"Alhamisi alisema nini?"

"Kwamba amechelewa, na akatuma picha ya foleni."

Nikaitazama ile picha. Foleni kweli, taa nyekundu za magari hadi mwisho wa barabara, jua linazama. Nikaikuza nitafute kama ni ya siku ileile, kisha nikaona aibu, nikamrudishia simu. Mchicha ulikuwa umeanza kunyauka.