Dakika mbili za kushukuru: nilivyoandaa hotuba ya tuzo ya filamu yetu

Tulipoarifiwa kwamba filamu yetu fupi imeshinda tuzo ya wanafunzi, waandalizi walinipa sharti moja tu kuhusu hotuba: isizidi dakika mbili. Nilikuwa na siku tano za kujiandaa, watu kumi na mmoja wa kuwashukuru, wote wakiwa wamefanya kazi bila malipo, na jambo la kueleza ambalo familia yetu imelikalia kimya tangu kabla sijazaliwa.

Filamu yenyewe ina dakika kumi na mbili, na inamhusu bibi yangu, mkazi wa Mtongwe, Mombasa. Asubuhi ya tarehe 29 Aprili 1994, kivuko cha Mtongwe kilichokuwa kikielekea kisiwani kilipinduka kikiwa kimejaa abiria, na watu zaidi ya 270 wakafa maji. Dada yake bibi alikuwa miongoni mwao. Mimi nilikua nikiona tu kwamba kila tunapovuka Likoni bibi hunishika kifundo cha mkono, si kiganja, wala haniachilii mpaka mlango wa kivuko uteremke na tukanyage nchi kavu. Nilipofika chuoni ndipo nilipomuuliza sababu, na jibu lake likawa filamu.

Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa mbaya kwa namna ambayo sikuitambua mpaka nilipoisoma kwa sauti huku saa ya simu ikihesabu. Nilianza kwa kuwataja wageni waheshimiwa mmoja mmoja, kama tulivyozoea kusikia katika hafla zetu, kisha nikaorodhesha majina kumi na moja pamoja na kazi ya kila mmoja, na mwishoni nikasema kwamba filamu ilitengenezwa ili kuhifadhi historia na kuielimisha jamii. Saa ilionyesha dakika tatu na sekunde arubaini. Urefu ungeweza kupunguzwa, lakini kasoro kubwa ilikuwa ile sentensi ya mwisho, kwa sababu mtu aliyetengeneza filamu ya mikoko au ya ususi wa mikeka angeweza kuisema vilevile bila kubadilisha neno.

Wageni niliwamaliza kwa maneno mawili, "itifaki imezingatiwa," na hakuna aliyelalamika. Majina ndiyo yaliyonisumbua. Niligundua kwamba jina likifuatwa na cheo, kama vile mpiga picha, mhariri au msaidizi, halimwambii msikilizaji chochote, na likifika la tano ukumbi huanza kupiga makofi ya adabu. Kwa hiyo nilichukua karatasi, nikaandika mbele ya kila jina tendo moja nililoliona kwa macho yangu, na nikajiuliza ni tendo lipi kati ya hayo linaloeleza pia kwa nini tuliitengeneza filamu hii.

Jibu lilikuwa kwa dada aliyenasa sauti. Siku ya pili ya kurekodi tulikuwa tumekaa na bibi kwenye ufuo wa Mama Ngina, mahali ambapo mkondo wa Likoni unaonekana vizuri, na bibi alikuwa ameanza kusimulia asubuhi ile. Kivuko kilipopiga honi alinyamaza, mikono ikaanza kumtetemeka. Mimi, kama mwongozaji, niliendelea kutazama kioo cha kamera kwa kuwa picha ilikuwa nzuri. Nalisema hili kwa masikitiko. Yule dada alivua hedifoni, akalaza maikrofoni kwenye nyasi, akaenda kukaa kando ya bibi bila kusema neno. Kazi ya siku ile ikaishia hapo. Kesho yake bibi alituita mwenyewe, nyumbani kwake, akasimulia yote. Bila kitendo kile filamu isingekuwapo, na hicho ndicho nilichopaswa kukisema ukumbini badala ya kutaja historia na jamii.

Kabla ya kuandika upya niliwapigia simu wote, kuuliza kama ninaweza kuwataja na kwa jambo gani. Hatua hii ilichukua jioni nzima, na naishukuru kila dakika yake. Kijana aliyeshika kamera ya pili aliniomba nisimtaje kabisa, maana siku mbili alizokuwa nasi alikuwa ameaga kazini kwamba anaumwa, na mwajiri wake huenda angeiona video ya hafla. Kama ningesoma ile orodha yangu ya kwanza, shukrani ingemponza mtu aliyenisaidia. Bibi naye nilimwendea mwenyewe, kwa kuwa kukubali kuonekana katika filamu si kukubali kuzungumziwa jukwaani. Aliwaza kidogo, kisha akasema, "Nitaje, mjukuu wangu, lakini dada yangu mtaje mwanzo."

Haya ndiyo niliyoyasoma usiku ule, isipokuwa majina, ambayo hapa nimeyaacha:

"Itifaki imezingatiwa. Tuzo hii inatanguliwa na jina la mtu ambaye hakufika kisiwani asubuhi ya tarehe 29 Aprili 1994, dada yake bibi yangu. Bibi mwenyewe yuko hapa, safu ya mbele. Kwa miaka mingi alinishika mkono kivukoni, nami sikujua kwa nini. Nilitengeneza filamu hii ili nijue.

Siku moja bibi alishindwa kuendelea. Mimi niliiacha kamera ikizunguka. Aliyenasa sauti aliiweka maikrofoni chini, akaenda kukaa naye. Dada, ulinifundisha kazi yangu. Fundi wa Majengo alitutengenezea kigari cha kamera kwa mbao zilizobaki karakanani. Mhariri alisikiliza saa sita za maneno ya bibi, akaniuliza maana ya kila neno ambalo hakulielewa, wala hakukata hata pumzi yake moja pasipo sababu. Wengine mko humu, na mmoja hayuko. Hakuna kati yenu aliyeuliza malipo. Kila mmoja alimwamkia bibi shikamoo kabla ya kugusa chombo chochote, na ndiyo maana alituamini. Asanteni."

Nilipoisoma kwa utulivu ilichukua kama dakika moja na nusu, na sekunde zilizobaki niliziacha makusudi kwa ajili ya kutembea hadi jukwaani na kwa makofi, ambayo nayo hula muda. Niliiandika kwa mkono, herufi kubwa, kwenye kadi mbili ngumu, kwa sababu kioo cha simu huzimika katikati ya sentensi na mkono unaotetemeka hukigusa pasipotakiwa. Baada ya maneno "ili nijue" nilichora mistari miwili ya kunikumbusha ninyamaze. Ilinisaidia, kwani nilipofika hapo nilimwona bibi akiinamisha kichwa, na bila ile mistari ningeyakimbiza maneno yaliyofuata.

Kuna watu saba waliojitolea ambao niliwajumuisha katika neno "wengine," na jambo hilo halikuniridhisha. Majina yao yamo mwishoni mwa filamu, lakini niliona hayo hayatoshi, hivyo niliandika kadi saba zaidi, kila moja ikiwa na tendo la mwenyewe, nikawapa mkononi kabla hafla haijaanza ili wasidhani wamesahauliwa. Yule kijana wa kamera ya pili nilimpigia tulipokuwa tukingoja kivuko cha kurudi. Nilimsomea sentensi niliyomwandikia, kisha bibi akaiomba simu ili azungumze naye.