Kona Zilizokataa Kulala

Chumba changu pale Nakuru kilikuwa juu ya karakana ya seremala. Julai moja yenye baridi kali nilipata kazi ya mama mwenye posho mill: kifuniko bapa cha kisanduku cha swichi, milimita 210 kwa 150. Kisanduku kilikaa karibu na mota inayochemka, kwa hiyo nikachagua plastiki ya ABS. PLA, plastiki nyingine ya kuchapia, huanza kulainika kwenye nyuzi 60 hivi.

Printa yangu ya 3D, inayojenga kitu kwa kulaza plastiki iliyoyeyushwa tabaka juu ya tabaka, ilianza vizuri. Baada ya saa moja nikasikia mlio mdogo, tak. Kona mbili zilikuwa zimebanduka kwenye bedi, lile bamba la moto la chini, na kujikunja juu kama chapati iliyokauka. Nilirudia kazi, safari hii nikipaka gundi. Zikanyanyuka zile zile mbili, zilizoelekea dirishani.

Nikashuka nacho kwa seremala. Alikiinua usawa wa jicho, akauliza, "Upande gani ulikauka kwanza?"

"Mzee, hii haikauki. Inapoa."

"Basi ni yale yale. Ubao ukikauka juu na chini bado, unajikunja kwenda juu."

Usiku huo nilipiga hesabu. Kila nyuzi moja ya joto inayopungua, ABS husinyaa takriban 0.00009 ya urefu wake. Kutoka nyuzi 100 hivi, inapoanza kuwa ngumu, hadi 18 za chumba changu, urefu wa milimita 210 unataka kupungua milimita moja na nusu. Tabaka la chini limeshikwa na bedi, haliwezi kusinyaa. Kila tabaka jipya linalolazwa juu yake linapopoa hulivuta kwenda ndani, na mvuto unajikusanya kadiri kitu kinavyozidi kuwa kirefu na kinene. Kona huvutwa kutoka pande mbili huku eneo linaloishikilia ni dogo, ndiyo maana huachia mapema. Gundi yangu ilishika unyayo tu. Mvuto wenyewe ulikuwa pale pale, na upepo wa dirishani uliupoza upande mmoja haraka zaidi.

Nilifunga dirisha, nikafunika printa kwa katoni kubwa, pawa saplai ikabaki nje. Karatasi ngumu na joto haviaminiki, hivyo sikutoka chumbani mpaka mwisho. Bedi niliifuta kwa spiriti, nikaiweka nyuzi 105, nikangoja dakika ishirini hewa ya ndani ipate joto. Feni ya kupoza plastiki nikaizima. Kwenye mchoro niliviringisha kona, kisha kwenye programu nikawasha `Brim` ya milimita 8, ule utepe mwembamba unaozunguka tabaka la kwanza na kuipa kona mahali zaidi pa kushikilia.

Ilipomaliza sikufungua katoni. Niliacha vyote vipoe pamoja hadi asubuhi, nikakata utepe kwa kisu, nikashuka. Seremala alikilaza kwenye meza yake ya randa, akabonyeza kona moja moja. Ya tatu ilicheza kidogo, unene wa karatasi. Akanirudishia.

"Skrubu itaivuta hiyo," alisema.